Hadithi ya kimulimuli kwa mtoto wa miaka minne anayeogopa giza: namna ya kuitunga na kuisimulia

Kila mwaka madarasa ya chekechea yanapofunguliwa, wazazi hunijia na swali lile lile. Mtoto alikuwa analala vizuri tangu alipoacha kunyonya. Sasa ametimiza miaka minne, na taa ikizimwa tu anaanza kulia. Nimwachie taa usiku kucha? Nimwambie hakuna kitu? Mbona nikimwambia haniamini? Nimsimulie nini? Nimejibu mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni, tena kwa haraka, kwa hiyo safari hii naliandika jibu zima.

Nitakupa hadithi moja tu, ya kimulimuli, ambayo unaweza kuisimulia leo usiku, pamoja na namna ya kuibadilisha iwe ya mtoto wako. Nimemchagua kimulimuli kwa sababu moja: anahitaji giza ili aonekane. Mkamate saa sita mchana, utaona kijidudu cha kahawia ambacho hata kuku hakitazami mara mbili. Jua likizama, huyo huyo ndiye watoto wanamkimbilia uwanjani. Kwa hiyo katika hadithi hii giza halipigwi wala halifukuzwi, kwa kuwa bila giza rafiki yetu hana taa. Shika hilo kabla ya mengine yote, maana hapo ndipo hadithi nyingi za wazazi zinapoharibika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Dakika kumi baada ya mtoto kunawa, kupiga mswaki na kukojoa. Hadithi ikikatizwa na haja ndogo inabidi uianze upya.
- Tochi ndogo na khanga moja. Tochi ya simu inafaa, lakini zima sauti ya simu kwanza.
- Jina la kile hasa anachokiogopa. Namna ya kulipata iko hatua ya kwanza.
- Sauti mbili au tatu za nyumba yako wakati wa usiku. Kaa chumbani kwake saa mbili usiku, dakika tano, taa ikiwa imezimwa, usikilize: bati, panya darini, feni, majani ya mgomba, nyenje.
- Usiku mitatu au minne mfululizo. Usiku mmoja hautoshi.

Usitumie kibatari wala mshumaa kwa ajili ya hadithi. Utakuwa umekaa karibu na chandarua, na huenda ukasinzia wewe kabla ya mtoto.

Hatua ya 1: Uliza mchana, na uulize kwa kidole

Usimuulize usiku, wakati tayari anaogopa. Wala usimpe majibu mdomoni. Ukisema "Unaogopa zimwi?" mtoto ambaye hakuwa na zimwi sasa analo. Ingieni wote chumbani mchana, dirisha likiwa wazi, umwambie: "Nionyeshe pale panapokuwa pabaya usiku." Kisha nyamaza. Mtoto wa miaka minne mara nyingi hawezi kukueleza hofu yake kwa maneno, lakini kidole chake kinajua kwenda.

Mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu kipindi cha masika. Alilia usiku mitatu. Siku ya nne, baada ya uji, nikamuuliza hivyo. Hakuonyesha uvunguni kama nilivyodhani. Alionyesha nyuma ya mlango, pale baba yake alipotundika koti la mvua kwenye msumari. Mchana lilikuwa koti. Usiku, mwanga wa korido ukipenya chini ya mlango, lilikuwa mtu mrefu asiye na kichwa. Nami nilikuwa nimekaa usiku mitatu nikimwambia "hakuna kitu", na kitu kilikuwepo.

Ukishakijua, usikiondoe mara moja. Kiache hadi hadithi ipite hapo.

Hatua ya 2: Chagua maneno ya kuanzia, na uache mengine

Watoto wanapenda kufunguliwa hadithi. Kama kwenu ni "Hadithi, hadithi!" naye anajibu "Hadithi njoo!", endelea hivyo, ila kwa sauti ya chini. Kama kwenu ni "Paukwa!" na "Pakawa!", hapo kuwa mwangalifu. Wengi tulifundishwa kuendelea: sahani, ya mchele, giza, la mwizi, kiboko, cha mtoto mkorofi. Tunayasema bila kufikiri kwa sababu tuliyarithi. Kwa mtoto huyu "giza la mwizi" ndiyo hofu yenyewe, nawe umempa kabla hadithi haijaanza. Ishia kwenye sahani ya mchele, au mbadilishie: "Giza?" "La kulalia." Ataizoea kwa usiku mmoja.

Kuna neno jingine la kuangalia, hasa ukiwa pwani. Kama nyumbani mna wakubwa wanaozungumza habari za wanga, yaani wachawi wa usiku, mtoto amelisikia neno hilo, na ukimwambia "mwanga uliingia dirishani usiku" unaweza kumtisha bila kujua. Sema "taa" au "nuru". Vile vile usimwite kimulimuli "dudu". Watoto wengi wamenyamazishwa kwa kuambiwa dudu linakuja. Sema kimulimuli, au mpe jina. Mimi namwita Mete, silabi mbili tu, mtoto hawezi kukosea.

Hatua ya 3: Mtoto wa kwenye hadithi asiwe mtoto wako, lakini nyumba iwe yenu

Wengi hutumia jina la mtoto wao. Mimi sipendi. Mtoto mwenye hofu akisikia jina lake ndani ya chumba chenye giza anakaa macho kuangalia atafanywa nini. Mpe mhusika jina jingine, umri ule ule, na kitanda, chandarua na dirisha kama vya kwake. Atajiona mwenyewe bila kulazimishwa.

Hatua ya 4: Mpe kimulimuli shida, mtoto awe msaidizi

Kimulimuli akija kumwokoa mtoto, mtoto anajifunza kwamba bila kimulimuli hayuko salama, na kesho atamdai. Geuza. Kimulimuli ndiye mwenye shida, na shida yake inatatuliwa na mtoto, kwa kupunguza taa kidogo kidogo. Mtoto wa miaka minne anapenda sana kuwa mkubwa wa mtu fulani. Kiumbe mdogo kama punje ya mtama ndiye hasa anayemfaa.

Hatua ya 5: Weka kiitikio kinachofuata pumzi

Kimulimuli anawaka na kuzima. Hiyo ndiyo zawadi kubwa ya hadithi hii. "Waka" ukivuta pumzi, "zima" ukiitoa. Kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta: hesabu moyoni mbili kwa "waka", nne kwa "zima". Usimwambie mtoto apumue. Pumua wewe, karibu naye, mkono wako ukiwa mgongoni au tumboni kwake. Baada ya mara tano au sita utasikia pumzi yake imeungana na yako.

Hatua ya 6: Simulia

Hii hapa hadithi nzima kama ninavyoisimulia. Maneno kwenye mabano ni kazi ya mikono yako, usiyasome. Nyuma ya mlango mimi nina koti. Wewe weka chako.

*Palikuwa na mtoto anaitwa Tatu. Tatu alikuwa na miaka minne. Alilala kwenye kitanda kidogo, chini ya chandarua cheupe, karibu na dirisha. Na nyuma ya mlango palikuwa na kitu kirefu.*

*Usiku mmoja mama akamfunika khanga. Akachomeka chandarua, huku, na huku, na huku. Tochi ilikuwa inawaka kando ya mto.*

(Taa ya chumba imezimwa. Tochi inawaka, imeelekezwa ukutani.)

*Tatu akasikia dirishani: ti, ti, ti.*

*"Nani?"*

*"Mimi Mete. Mimi ni kimulimuli. Hodi."*

*"Karibu, Mete."*

*"Tatu, naomba unisaidie. Taa yangu imepotea."*

*"Ilikuwa wapi?"*

*"Hapa tumboni. Naiwasha, siioni. Naiwasha tena, siioni. Na wenzangu wananingoja kule kwenye mgomba. Wasipoiona taa yangu hawatajua niko wapi."*

*Tatu akamtazama Mete. Kweli. Tumbo lake lilikuwa tumbo tu.*

*Tatu akafikiri. Akaitazama tochi. Tochi ilikuwa kubwa. Ilikuwa inang'aa kweli kweli. Akasema, "Mete, ngoja. Labda taa yangu inaificha taa yako."*

*Akachukua khanga, akaifunika tochi.*

(Mpe mtoto ncha ya khanga, muifunike tochi pamoja, mkunjo mmoja.)

*Chumba kikawa rangi ya chai ya maziwa.*

*Mete akawaka. Tatu akaona kinukta. Kidogo kama punje ya mtama.*

*"Naiona, Mete! Naiona kidogo!"*

*Tatu akaikunja khanga mara nyingine.*

(Mkunjo wa pili.)

*Chumba kikawa rangi ya chai ya rangi.*

*Mete akawaka. Kinukta kikakua. Kama mbegu ya papai.*

*"Bado kidogo," akasema Mete. "Bado kidogo, Tatu."*

*Tatu akashika mkono wa mama. Kwa mkono mwingine akabonyeza tochi. Ta.*

(Mwache azime yeye. Akikataa, funika kwa kiganja, endelea.)

*Chumba kikawa rangi ya kahawa ya babu.*

*Na Mete... akawaka. Taa yake ikaonekana yote. Ya kijani kidogo, ya njano kidogo.*

*Waka... zima.*

*Waka... zima.*

*"Taa yangu haikupotea," akasema Mete. "Ilikuwa hapa hapa. Ilikuwa inangoja giza."*

*Tatu akacheka. Halafu akanyamaza. Akasema kwa sauti ndogo, "Mete, nyuma ya mlango kuna kitu kirefu."*

*"Mimi macho yangu madogo," akasema Mete. "Na taa yangu haifiki kule. Lakini wewe una mikono. Na una pua."*

*Tatu akamshika mama, wakaenda wawili, polepole, mpaka mlangoni. Tatu akanyoosha kidole. Akagusa. Kitu kilikuwa laini. Kilikuwa baridi. Akanusa. Kilikuwa na harufu ya mvua.*

*"Hili koti la baba!"*

*"Ooh," akasema Mete. "Koti. Nalo limelala."*

*Tatu akarudi kitandani. Mama akachomeka chandarua, huku, na huku, na huku.*

*Waka... zima.*

*Juu darini kukasikika: ko!*

*"Nini hicho?" akauliza Mete.*

*"Hilo bati," akasema Tatu. "Mchana lilichomwa na jua. Sasa linapoa."*

*Nje kukasikika: chri, chri, chri.*

*"Na hiyo?"*

*"Hao nyenje. Wanaongea na wenzao."*

*"Hata mimi wenzangu wale," akasema Mete.*

*Kule kwenye mgomba, kinukta kimoja kikawaka. Kikazima. Kingine kikawaka. Kikazima.*

*"Wameniona," akasema Mete. "Tatu, asante. Kesho nitapita."*

*Akaruka. Waka... zima. Akafika dirishani. Waka... zima. Akafika kwenye jani la mgomba. Waka... zima.*

*Tatu akafumba macho. Ndani ya macho yake mlikuwa na giza jingine, dogo, la joto, la kwake mwenyewe.*

*Waka... zima.*

*Waka...*

*zima.*

Hatua ya 7: Maliza bila kumuamsha

Hapo nyamaza. Usiulize "Umeipenda?" wala "Tumejifunza nini?" Maswali hayo ni ya darasani, yanamfungua macho. Mkono wako ubaki pale ulipokuwa, endelea na "waka... zima" bila sauti, kwa pumzi tu, kwa dakika mbili au tatu. Kisha ondoka taratibu ukimwambia unakwenda wapi: "Mama yuko sebuleni, anakunja nguo." Ukitoroka kimya kimya akagundua, usiku wa kesho atakukaba shingoni.

Hadithi yenyewe inachukua dakika sita hivi. Ikikuchukua dakika tatu, umekimbia. Kadiri unavyokaribia mwisho punguza sauti na uongeze nafasi kati ya maneno, mpaka mstari wa mwisho uwe mnong'ono.

Hatua ya 8: Rudia ile ile

Kesho simulia vile vile, kwa maneno yale yale. Wewe utachoka, yeye hachoki. Kwake, kujua kinachofuata ndiko kunakompa utulivu. Ukikosea utasikia, "Siyo mbegu ya papai, bado ni mtama!" Furahi, maana mtoto anayesahihisha hadithi gizani ameshaanza kulisahau giza.

Usiku wa pili au wa tatu mwambie majibu ya sauti ayatoe yeye: "Nini hicho, darini?" Usiku wa nne jaribuni kuanza na mkunjo mmoja wa khanga tayari juu ya tochi. Usiku mwingine, miwili. Usipunguze kwa kasi kuliko anavyoweza. Yule mtoto wa kaka yangu alizima tochi mwenyewe usiku wa tano. Usiku wa pili alikataa kabisa, nami nikaifunika kwa kiganja, tukaendelea.

Na lile koti? Mchana wa siku ya pili tulilishusha pamoja, akalivaa, likaburura sakafuni. Tukalitundika tena yeye akishika upande mmoja. Kama angetaka liondoke ningeliondoa, lakini alisema libaki.

Makosa yanayorudiwa sana

*Kusema "hakuna kitu gizani".* Mtoto anasikia panya, anasikia bundi, anaona kivuli. Anajua kuna kitu. Ukikana, anabaki na kitu chake peke yake, tena sasa na mzazi asiyekiona. Kitaje kilichopo kwa jina lake.

*Kuongeza adui ili hadithi inoge.* Baba mmoja aliniambia hadithi yangu imekosa utamu, akamtia fisi ili kimulimuli amfukuze. Mtoto hakulala mpaka saa tano usiku, akiuliza fisi amekwenda wapi. Wakubwa tunahitaji adui ili tusichoke. Mtoto wa miaka minne anatosheka kabisa na taa iliyopotea tumboni.

*Kumtisha mchana, kumtuliza usiku.* Kama nyumbani kuna mtu anayemwambia "kula, la sivyo zimwi litakuja", hadithi haitashindana naye. Zungumza naye kwanza. Akiwa ni bibi au babu, mwendee kwa adabu, mtoto asiwepo, umwombe awe anatumia tishio jingine, au asitumie kabisa. Mimi mama yangu mzazi alinielewa nilipomwomba yeye ndiye awe anasimulia ya kimulimuli siku anapotutembelea.

*Kufanya mchezo wa ujasiri.* "Wewe mwanaume, nenda peke yako mpaka jikoni." Anaweza kwenda, kwa aibu, na akirudi hofu imeongezeka. Katika hadithi Tatu anakwenda mlangoni akiwa amemshika mama. Pasibadilishwe hapo.

Yakitokea haya

*Anauliza, "Mete anauma?"* Mjibu kweli: kimulimuli aliyekomaa haumi watu, na taa yake haichomi, ni ya baridi. Akiuliza anawaka kwa nini, mwambie anaita wenzake. Ndivyo ilivyo: kila aina ina namna yake ya kumetameta, na wanatambuana kwa hiyo. Mwambie tu asimtie mdomoni, kwa kuwa wengine wana sumu inayowafanya mijusi wawakwepe.

*Anataka kimulimuli wa kweli ndani ya chupa.* Mwambie Mete akiwa ndani ya chupa wenzake watamngoja mgombani mpaka asubuhi. Wengi wanakubali. Mkiwa sehemu yenye vimulimuli, penye unyevu, majani na mvua za karibuni, mpeleke nje ukiwa umembeba, muwaangalie dakika tano, kisha mrudi. Mkiwa mjini penye taa za barabarani msiwapate, usimdanganye kwamba amemwona dirishani. Mwambie kweli: taa za mtaa zimewaficha, kama tochi ya Tatu ilivyofanya.

*Hadithi inamchangamsha badala ya kumlaza.* Mara nyingi ni sauti za "ti, ti, ti" na "ko!" unazozipiga kwa nguvu. Zinong'one. Kama bado, isimulie mara moja jioni mkiwa mkekani, acheke yote, kisha kitandani mpe mwisho tu, kuanzia Mete anaporuka.

*Anamwingiza zimwi mwenyewe.* "Halafu likaja zimwi!" Usimkatalie na usishtuke. Muulize, "Lilikuwa linatafuta nini?" Mara nyingi atalipa njaa au usingizi. Mwache alilaze. Aliyelileta yeye anaweza kulipangia pa kulala.

*Kaka au dada anamcheka.* Mpe mkubwa kazi ya kuwa sauti za nje, nyenje na bati. Mwenye kazi hana nafasi ya kucheka.

*Anaogopa kwenda chooni usiku, hasa choo kikiwa nje.* Hiyo si kazi ya hadithi. Weka poti chumbani, au mpeleke wewe. Usimlaumu akikojoa kitandani wiki hizo.

*Umeme unakatika katikati ya usiku.* Kabla ya kutafuta taa, mfikie kwa sauti kwanza: "Niko hapa. Chumba rangi gani?" Akijibu "kahawa ya babu", tayari ameshika kitu anachokijua.

*Anaamka akilia.* Kama amekutambua na anakushika, ameota vibaya. Usianze hadithi upya saa nane usiku. Mkumbatie na umpe kiitikio peke yake, waka, zima. Lakini kama anapiga kelele, macho wazi, hakutambui na anakusukuma, huyo bado yuko usingizini. Usimtikise wala usimsimulie. Hakikisha haanguki, kaa karibu, kwa kawaida atatulia mwenyewe baada ya dakika chache na asubuhi hatakumbuka.

*Hofu ilianza ghafla baada ya tukio*, kama wizi nyumbani, msiba, ugomvi wa wakubwa, au mtu fulani aliyeanza kulala chumba kimoja naye. Hapo usitangulize kimulimuli. Msikilize, mchunguzie kilichotokea, na kama kuna mtu anayemwogopa, mtenge naye usiku huo huo. Na ikiwa hofu imekaa wiki nyingi, anakataa kula, au hata mchana haachi nguo yako, mpeleke kituo cha afya aonwe.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni kama mtoto akikataa katakata kuzima tochi, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwache nayo chini ya khanga, mikunjo miwili, mpaka asinzie. Katika hadithi badilisha mstari mmoja: badala ya "akabonyeza tochi", sema "akailaza tochi chini ya khanga". Mete ataonekana hivyo hivyo, chumba kikiwa rangi ya chai ya rangi.